Barua kwa fundi wa Kibuye: kabuti la baridi ya Edmonton

Kutoka: dada wa Edmonton

Hamjambo nyote. Nimeandika barua ya kumpelekea fundi wangu wa Kisumu, pale soko la Kibuye, na naomba mwenye macho ya ushonaji aisome kabla sijaituma. Kitambaa kimekwisha kufika. Nilikinunua huku, sufu nzito ya rangi ya bluu iliyokolea, mita 3 kwa upana wa inchi 60, nikampa mtu aliyekuwa akisafiri.

Huyu fundi ananishonea tangu nikiwa sekondari na mkono wake naujua. Hata hivyo kabuti la kwanza alilonishonea halikufaa, na kosa lilikuwa langu. Nilimtumia vipimo vya mwili tu, kifua inchi 38. Akaongeza inchi 3 kama anavyofanya kwenye koti la suti, likawa 41. Nikivaa sweta la sufu juu ya shati, kifua changu peke yake ni 41. Vifungo havikukutana. Nikawa nalivaa wazi, na wiki ya pili niliponyoosha mkono kushika chuma ndani ya basi, bitana ikapasuka nyuma ya kwapa la kulia, mpasuko wa urefu wa kiganja.

Barua yenyewe ni hii:

*Fundi wangu, habari za siku nyingi? Natumaini mama watoto na watoto hawajambo. Kitambaa umekipata kwa binamu yangu. Nataka kabuti la kuvaa nje mwezi wa Januari, wakati huku baridi hufika digrii 25 chini ya sifuri na upepo juu yake. Ndani yake nitakuwa na shati na sweta zito, kwa hivyo usilione kubwa ukadhani nimekosea.*

*Safari hii nakupa vipimo vya kabuti lenyewe likishakamilika, si vya mwili wangu. Ukilifunga vifungo na kulilaza mezani, kutoka kwapa hadi kwapa iwe inchi 23. Kwenye nyonga iwe 25. Usiongeze chochote juu ya hapo isipokuwa nafasi ya mshono. Mkono, kutoka mshono wa bega hadi mwisho, inchi 25 na nusu. Urefu, kutoka mfupa unaochomoza nyuma ya shingo hadi chini, inchi 42, ili lipite goti kidogo.*

*Bitana iwe ya satini, si ya pamba. Kati ya bitana na sufu weka ile pamba ya poliesta wanayojazia duveti, unene wa kidole kwenye mwili, nusu yake mikononi. Mifuko miwili ya pembeni, na mmoja wa ndani kifuani wenye zipu, wa simu. Simu ikikaa nje kwenye baridi hii betri huisha ghafla.*

Nimesahau nini?

Kutoka: kaka wa Minnesota

Dada, 23 mara mbili ni inchi 46, na mimi naona 46 kwa mtu wa kifua 38 ni gunia. Nguo ikipwaya upepo unaingia ndani na joto lote linatoka. Mwambie fundi alibane kiasi. Urefu pia punguza. Langu linaishia mapajani na linanitosha kabisa, ukiingia kwenye gari halikusumbui.

Kutoka: mama wa Leicester

Mwanangu, pole na hilo la kwanza. Nakuomba uulize mapema habari ya kulituma. Mimi nilitumiwa magauni mawili kutoka Kakamega, nikadaiwa ushuru ambao ulikuwa karibu sawa na bei ya ushonaji. Tangu siku hiyo nangoja mtu anayesafiri.

Kutoka: mzee wa Aberdeen

Dada wa Edmonton, nimesoma barua yako mara mbili. Nilishona Nakuru miaka mingi kabla ya kuja huku, makoti ya suti na bleza za shule, na jambo la kupima nguo iliyokamilika ikiwa mezani limenifurahisha. Fundi akipewa kipimo cha mwili huongeza kwa mazoea yake, na mazoea ya fundi wa Kisumu ni ya Kisumu. Akiambiwa ulipimwa juu ya sweta, mwingine ataongeza tena juu yake na utapata hema. Kipimo cha mezani hakina ubishi.

Kaka wa Minnesota amesema nusu ya kweli. Upepo huingia, lakini huingia shingoni, mikononi, mbele kwenye vifungo na chini. Hapo ndipo pa kubana. Kifuani na mgongoni usibane hata kidogo, kwa sababu pamba ya duveti yenyewe haina joto. Joto linakaa kwenye hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Ukiibana na mwili ikalala, umebeba uzito bure. Inchi 46 ni sawa kwa pamba ya unene huo.

Sasa uliyoyasahau. La kwanza ni kukinywesha kitambaa kabla ya kukikata. Sufu ikikutana na mvuke hunywea, na fundi akikata kikavu kisha akapiga pasi ya kitambaa cha maji, kabuti litapungua likiwa tayari limeshonwa. Mwambie achore mraba wa inchi 10 kwa chaki kwenye kona, aweke juu yake kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, apige pasi bila kuiburuta, aache kipoe, apime. Ikiwa mraba umekuwa 9 na nusu, ujue kabuti lako la 42 lingepungua zaidi ya inchi 2. Basi akikunje kitambaa chote ndani ya shuka lenye unyevu usiku kucha, akitandaze kikauke chenyewe, ndipo akate.

La pili ni bitana. Mpasuko wako haukutokana na satini wala pamba. Bitana ilikatwa sawasawa na kitambaa cha juu, na bitana hainyooki kama sufu. Katikati ya mgongo iwe na mkunjo wa inchi 1, ushikwe juu karibu na kola na kiunoni, katikati uachwe huru. Ukinyoosha mkono, mkunjo unafunguka badala ya mshono kukatika. Huku chini bitana isishonwe pamoja na upindo wa kabuti. Iishie inchi 1 juu yake, ifungwe pembeni kwa mnyororo mfupi wa uzi.

La tatu, pamba ishonewe kwenye bitana kwa mistari kila inchi 4 kabla ya kukata vipande. Akikata kwanza akashona mistari baadaye, kila mstari utavuta kidogo na vipande vitakuwa vidogo. Bila mistari kabisa, pamba huteremka, na baada ya mwezi utakuwa na mto kwenye upindo na mabega matupu.

Kutoka: dada wa Edmonton

Asante sana, mzee wangu. Na mifuko je? Ile ya kwanza niliweka mikono nikahisi kama nimeiweka nje.

Kutoka: mzee wa Aberdeen

Kwa sababu mfuko ulining'inia kati ya sufu na bitana, na joto lote liko upande wa mwili. Nje ya mkono wako ulikuwa na kitambaa kimoja tu. Mwambie akate mfuko wa flisi pande zote mbili, kisha aweke kipande cha ile pamba kati ya mfuko na sufu, yaani upande wa nje. Mdomo wa mfuko uwe inchi 7, la sivyo mkono wenye glavu hautapita, na ulale mshazari, uanze chini kidogo ya pale kiwiko kinapofika ukikunja mkono nusu. Nyuma ya mdomo ashone ukanda imara, kwa sababu ndipo mtu huvutia nguo yote anapotoa funguo.

Mikononi, atafute sweta la mitumba ambalo mwisho wa mkono unavutika, akate ile bangili yake, aishonee ndani ya mkono wa kabuti inchi 2 kutoka mwisho. Itabana kifundo na upepo hautapanda. Mbele, chini ya vifungo, pawe na ulimi wa kitambaa wa inchi 4.

Kutoka: kaka wa Minnesota

Nimekuelewa, mzee. Lakini kwa urefu bado nabaki pale pale. Inchi 42 huwezi kukaa vizuri kwenye gari.

Kutoka: dada wa Edmonton

Kaka, wewe una gari. Mimi nasimama kituoni, siku nyingine dakika 20, na baridi yangu yote iko magotini. Ila kupanda ngazi za basi kweli ni taabu.

Kutoka: mzee wa Aberdeen

Aweke mpasuo nyuma, uanzie chini ya makalio, pande zilaliane inchi 2 na nusu zisiachane upepo ukivuma. Mimi ningekata 40. Huku kwetu baridi ni ya mvua na upepo wa bahari, na upindo mrefu hunywa maji. Kwenu kukavu sijui kama hilo linakuhusu, wewe ndiye unayesimama hapo.

Kutoka: binamu, Kisumu

Wapendwa, dada aliniongeza kwenye mazungumzo haya ili niwape habari. Jana nilimpelekea fundi barua mpya yenye maneno yote ya mzee. Aliisoma yote akiwa amesimama, akarudia pale pa mraba wa inchi 10. Akauchora hapo hapo, akaomba makaa yaongezwe kwenye pasi. Ulitoka 9 na robo tatu. Kitambaa kimelala ndani ya shuka tangu jana jioni.

Bitana na pamba vimepatikana. Flisi mpya hakuna tuliyoiona, tumenunua jaketi ya mtoto ya mitumba, fundi anasema mgongo wake unatosha mifuko yote miwili. Sindano zake za kawaida zilivunjika mbili alipojaribu pembe yenye sufu, pamba na bitana pamoja, akatuma kijana alete namba 18. Nayo ilipita vizuri, uzi haukuruka.

Kabla ya kukata sufu ameshona kabuti la majaribio kwa marekani. Mdogo wake dada ana mwili ule ule, kwa hivyo tulimvalisha shati, masweta mawili, kisha hilo la marekani juu, saa nane mchana, jua la Kibuye likiwaka. Jasho lilimtiririka na watu wakasimama kutazama. Fundi alimwambia anyooshe mkono juu kama anayeshika chuma cha basi, akamshika mgongoni kuona kama panavuta. Upande wa kulia pakavuta kidogo. Amefungua kwapa kwa robo inchi na kumjaribisha tena, sasa mkono unapanda mpaka juu.

Kuhusu urefu hajakata. Anasema ataacha upindo wa inchi 3, aushone kwa mkono kwenye 40, ili dada akifika kituoni na magoti yakalalamika, aweze kuufungua mwenyewe. Anauliza kitu kimoja tu: vifungo vikubwa kiasi gani, kwa sababu hajui glavu za huko zina unene gani. Dada, mtumie picha ya mkono wako ukiwa umezivaa, ukishika shilingi.