Kanuni za jumla na tofauti ya pembe: tuanzie kwenye mchoro au kwenye kipeo chenye i?

Mwalimu wa kidato cha tano, Moshi: Nafundisha hisabati kwa PCM. Kila mwaka mchoro wa pembetatu mbili zilizobebana unanila vipindi viwili, na wengi wanatoka hawajaelewa. Je, ni halali kuuacha, nikatoa kanuni za sin(A+B) na cos(A+B) kwenye e^(iA) moja kwa moja?

Mwanafunzi wa chuo, Arusha: Uache kabisa, mwalimu. Kazi yote ni mistari miwili:

```
e^(i(A+B)) = e^(iA) · e^(iB)
cos(A+B) + i sin(A+B) = (cos A + i sin A)(cos B + i sin B)
```

Fungua mabano. Sehemu isiyo na i inakupa cos A cos B − sin A sin B, kwa sababu i² ni −1. Yenye i inakupa sin A cos B + cos A sin B. Ukitaka tofauti, weka −B mahali pa B: kosini inabaki ilivyo, sini inageuza alama. Halafu mchoro wenyewe unathibitisha pembe kali tu. Chukua 120° na 45°: pembetatu yako inavunjika, inabidi uchore upya. Kipeo kinakupa −0.3536 − 0.6124 = −0.966, ndiyo cos 165°. Jiometria haihitajiki popote.

Mwalimu mstaafu, Machame: Mwanangu, hesabu yako haina kosa, ila hilo la mwisho si kweli. Nani alikwambia e^(iA) ni cos A + i sin A? Darasani tunaipata kwa mfululizo wa sini na kosini. Mfululizo tunaupata kwa kujua mteremko wa sini ni kosini. Na mteremko huo tunauthibitisha kwa kufungua sin(x+h), yaani kwa kanuni ileile unayodai kuithibitisha sasa. Umezunguka ukarudi mlangoni kwako. Hata Euler, mwaka 1748, alianza na kanuni za jumla ya pembe, akazizidisha tena na tena, ndipo akafika kwenye kipeo.

Njia ya kutoka ipo. Unaanza na mfululizo wa e^z kama maana yenyewe ya kipeo, unathibitisha kwamba kuzidisha vipeo ni kujumlisha vielezo, kisha unaita sehemu zake mbili kosini na sini. Lakini hapo una deni: uonyeshe kwamba kosini hiyo ndiyo ile ya pembetatu. Deni linalipika, maana e^(it) haitoki kwenye duara la nusukipenyo 1 na inatembea kwa mwendo wa 1, kwa hiyo t ni urefu wa tao. Ila ukishafika kwenye tao umerudi kwenye jiometria. Na t hapo ni radiani, si digrii.

Fundi umeme, Njiro: Shikamoo mwalimu. Mimi kwangu swali ni ipi inakaa kichwani. Kwenye fezi tatu tunajumlisha sin x, sin(x+120°) na sin(x+240°). Ukifungua mbili za mwisho kwa kanuni, cos x inajifuta na inabaki −sin x. Ukiongeza ile ya kwanza unapata sifuri, ndiyo maana lodi ikigawanywa sawa nyutro haibebi mkondo. Mchoro nilishausahau, hii sijaisahau.

Mwalimu mstaafu: Marahaba, fundi. Huko ni kuitumia kanuni. Mwenzetu anauliza jinsi ya kuithibitisha.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Arusha: Mimi niliandika njia ya i kwenye jaribio nikapewa sifuri, nikaambiwa namba changamano hatujafika. Iliniuma sana, kwa sababu jibu lilikuwa sahihi. Mwenzangu alisahau i² akaandika jumlisha katikati ya cos(A+B), akapata alama za hatua.

Mwalimu wa kidato cha tano: Pole, mwanangu. Kosa la mwenzako linajulikana upesi: weka 45° na 45°. cos 90° ni 0, lakini kwa jumlisha inatoka 0.5 + 0.5, yaani 1. Mzee, kuna njia ya tatu isiyozunguka kurudi ilipoanzia, wala isiyoishia kwenye pembe kali peke yake?

Mwalimu mstaafu: Zungusha. Nukta (1, 0) ikizungushwa kwa B inakuwa (cos B, sin B), na (0, 1) inakuwa (−sin B, cos B). Nukta (cos A, sin A) ni cos A ya ile ya kwanza na sin A ya hii ya pili. Jumlisha mahali zilipofika, kanuni zote mbili zinatoka pamoja, kwa pembe yoyote.

Mwanafunzi wa chuo: Nakubali kwamba nilizunguka, mzee. Lakini umechukulia kwamba kuzungusha jumla ni sawa na kujumlisha zilizozungushwa. Hilo nalo si mchoro?

Mwalimu mstaafu: Ni mchoro: msambamba ukizungushwa unabaki msambamba. Huo nitauchora ubaoni kwa dakika tano.

Mwalimu wa kidato cha tano: Nitaanza na kuzungusha. Cha i nitakirudia namba changamano zikifika, na hapo bado sijajua niwaambie ni uthibitisho au ni njia ya kukumbuka.