Naomba ushauri: System Data imekula GB 21 kwenye iPhone ya GB 64

Wakuu, naombeni msaada. Simu inagoma hata kupiga picha, inasema nafasi imejaa. Nikifungua Settings > General > iPhone Storage, mstari wa kijivu wa System Data unasoma GB 21, na Messages GB 9.

Nilianza na Messages. Humo kuna Videos na Photos. Nikabonyeza Edit, nikafuta video nzito za kundi la harusi. Nafasi haikurudi hata kidogo! Kumbe zile meseji nilizokuwa nimefuta kabla bado zimekaa Recently Deleted, ambako hukaa hadi siku 30. Nilipozifuta huko, kisha nikazima simu na kuiwasha, Messages ilishuka hadi GB 2. Hesabu huchelewa kubadilika, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

System Data ndiyo sugu. Kufuta historia ya Safari kumepunguza GB 1 tu. Fundi anasema dawa ni moja: kuweka nakala kwenye kompyuta, tena yenye nenosiri ili hata nywila zilizohifadhiwa zibaki, halafu Erase All Content and Settings, kisha kuirudisha nakala hiyo.

Aliyewahi kufanya hivyo, je, System Data ilishuka kweli ama uchafu ulirudi nayo? Na picha za WhatsApp zilibaki salama? Laptopu yangu ina GB 40 tupu, zitatosha?