Wafuatiliaji zaidi ya 1,100 wamepotea usiku mmoja kwenye chaneli yangu ya kuku. Nitajuaje kama ni akaunti feki zimefutwa?

Mama Vifaranga (Jumatano, saa 1 asubuhi)

Wakuu habari za asubuhi. Nina chaneli ya YouTube ya ufugaji wa kuku chotara, nipo Morogoro. Jana saa tatu usiku nilikuwa nimepiga skrinshoti ya YouTube Studio kumwonyesha mtu: wafuatiliaji 12,486. Leo nimeamka kuwawekea kuku maji, nashika simu nakuta 11,329. Watazamaji wanaona 11.3K wakati jana ilikuwa 12.4K. Video ya mwisho ni ya chanjo ya kideri, wala haina ubaya wowote, na komenti ni za kawaida tu.

Mume wangu anasema YouTube wamefuta akaunti za uongo. Inawezekana, lakini mimi nataka uhakika, maana kuna duka la vyakula vya mifugo tumekubaliana tangazo kwa sharti nisiwe chini ya 12,000. Wakiniuliza nitawaambia nini? Kwamba mume wangu amesema?

Babu wa Reli

Pole sana mwanangu. Hapo umedukuliwa. Badilisha nywila haraka na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Kuna kijana wangu walimwingilia Facebook hivyohivyo, asubuhi akakuta picha za watu asiowajua.

Kibopa wa Kinondoni

Dada usihangaike. Kwanza hiyo huwa ni hitilafu, subiri saa 48 watarudi wote. Pili, Google siku hizi wanafuta akaunti ambazo hazijatumika miaka miwili, kwa hiyo kila mtu anapungua. Mimi pia nimepungua.

Fundi Takwimu

Babu, akidukuliwa mtu angeona video zimefutwa au jina la chaneli limebadilishwa. Nywila abadilishe, hakuna hasara, ila tatizo lake sio hilo.

Kibopa umepatia nusu. Sera ya miaka miwili ipo kweli, walianza kuitekeleza Desemba 2023. Lakini akaunti za namna hiyo huondoka moja moja, leo tatu, kesho tano. Haziamki 1,157 kwa pamoja usiku wa Jumanne na kuondoka. Upungufu wa ghafla namna hii ni wa fagio. Wakongwe mtakumbuka 2018, YouTube walitangaza mapema kwamba tarehe 13 na 14 Desemba wanaondoa wafuatiliaji wa spamu, na chaneli nyingi zikaamka zimepungua. Kwa kawaida wanafagia bila kutangaza.

Mama Vifaranga, umefanya jambo la maana kuwa na namba kamili ya jana. Wengi wanakuja na 12.4K tu, na hiyo haisaidii. Namba ya hadharani inakatwa ibaki tarakimu tatu: mtu mwenye 12,400 na mwenye 12,499 wote wanaandikiwa 12.4K. Hata zile tovuti za kuhesabu wafuatiliaji zinapewa namba iliyokatwa hivyohivyo. Namba ya kweli iko ndani ya Studio peke yake.

Sasa uthibitisho. Programu ya simu haitakufikisha, tafuta kompyuta hata kwa steshenari. Fungua `studio.youtube.com`, nenda `Analytics`, kisha `Advanced mode`. Hapo tafuta kipengele cha `Subscription source`, kama hukioni kitakuwa kimejificha kwenye `More`. Safu ya `Subscribers lost` isipokuwepo iongeze kwa alama ya kujumlisha. Kwenye orodha utakayoiona kuna mstari umeandikwa `Closed accounts`. Huo ndio shahidi wako. Akaunti iliyofungwa inaingia pale, iwe imefungwa na YouTube au na mwenyewe. Mtu aliyekuchoka akabonyeza kujiondoa haingii pale, anaonekana kwenye ukurasa wa video au wa chaneli alikobonyezea.

Usifungue leo ukasema hakuna kitu. Takwimu hizo huchelewa kama siku mbili. Njoo Ijumaa.

Mtu wa Likoni

Hii yanikumbusha chaneli yetu ya kaswida. Mwaka jana tulishuka mia tatu hivi, vijana wakaanza kulaumiana, huyu asema ni kwa sababu twaweka matangazo, yule asema ni kwa sababu ustadh fulani ametoka. Mimi nikaenda kuangalia hiyo `Closed accounts` nikakuta watu sita tu. Wale wengine wote walijitoa wenyewe, na wengi walijitoa kwenye video moja. Ilikuwa ya mnada wa gari, kuna mtu aliipandisha kimakosa kwenye akaunti ya madrasa! Kwa hivyo usikubali neno la fagio kabla hujaona. Watu huamua ni spamu kwa sababu hilo haliumi.

Kibopa wa Kinondoni

Sasa nyie mnasema ni fagio, mbona mimi wangu waliwahi kurudi?

Fundi Takwimu

Hutokea. Kuna siku hesabu inakwama au inaruka, kisha inajirekebisha. Na akaunti iliyofungwa kimakosa ikirudishwa inaweza kuhesabika tena. Ndiyo maana nasema aangalie mstari ule. Ikiwa namba imeshuka na baada ya siku mbili jedwali halionyeshi chochote popote, hapo nitakubaliana na wewe kwamba ni hitilafu.

Mama Vifaranga (Ijumaa, saa 10 jioni)

Nimerudi. Nimekaa steshenari saa nzima, kijana akanitoza elfu moja mia tano na bado alikuwa anachungulia.

Nimefungua nikachagua Jumatano. Hakuna kitu! Waliopotea watano. Nikataka kuondoka. Halafu nikabonyeza Jumanne kwa bahati tu, nikakuta: waliojiunga 11, waliopotea 1,163. Kati ya hao `Closed accounts` ni 1,149. Sasa sielewi, Jumanne saa tatu usiku nilikuwa nao wote, nimewapoteza usiku wa kuamkia Jumatano. Mbona wanasema Jumanne? Na 1,163 ukitoa 11 ni 1,152, wakati mimi nimepungukiwa 1,157. Watano wako wapi?

Fundi Takwimu

Siku ya YouTube inafuata saa za California. Kwa saa zetu inaanza saa nne asubuhi, au saa tano wakati wa majira yao ya baridi. Ulipoamka Jumatano saa kumi na mbili, kwao bado ilikuwa Jumanne jioni. Kwa hiyo Jumanne yao imechukua mchana wako wa Jumanne, usiku wote, mpaka Jumatano asubuhi. Wewe umepima kuanzia saa tatu usiku, wao wamepima siku nzima. Tofauti hiyo ya watano ni waliojiunga kuzidi waliotoka, mchana wa Jumanne kabla ya skrinshoti yako na Jumatano asubuhi baada ya kuamka. Hesabu mbili zenye mipaka tofauti zikikaribiana hivyo, mimi naridhika.

1,149 kati ya 1,163 ni akaunti zilizofungwa. Jibu umelipata: sio watu waliokukimbia. Ila mstari ule hautenganishi aliyefukuzwa na YouTube na aliyefuta akaunti yake mwenyewe. Kinachotuambia ni fagio ni wingi wao ndani ya siku moja.

Kama bado uko kwenye kompyuta nenda mbele kidogo. Fungua waliojiunga tangu chaneli ianze, siku kwa siku, utafute mlima. Karibu na mlima angalia siku hiyo video zilitazamwa mara ngapi.

Mama Vifaranga (Ijumaa, saa 12 jioni)

Upo. Machi mwaka jana siku tatu mfululizo: 418, 455, 391. Kwa kawaida napata kumi, kumi na tano. Na siku ile ya 455, video zangu zote kwa pamoja zilitazamwa mara 302.

Fundi Takwimu

Watu 455 wamejiunga, na kutazama ni mara 302. Wameipenda chaneli bila kuiona. Jumlisha hizo siku tatu, 1,264. Jumanne wameondoka 1,149. Nani alikufanyia kazi Machi?

Mama Vifaranga

Mpwa wangu. Nimempigia sasa hivi, kwanza alikataa, kisha akakiri alimlipa mtu elfu arobaini ya tangazo niliyompa. Mimi nilijua zimekwenda kwenye tangazo, na nilimshukuru mbele ya watu kwa kazi nzuri.

Bibi Harusi Jr

😂😂 Mpwa ameuza shamba na kununua picha ya shamba.

Kibopa wa Kinondoni

Ila wamebaki kama mia moja na kitu, si haba.

Fundi Takwimu

Hao nao usiwahesabu, huenda fagio lijalo likawachukua, na wengine wao ni watu halali waliojiunga siku hizo. Kununua wafuatiliaji ni kosa kwa sheria za YouTube na chaneli inaweza kufungwa, kwa hiyo mpwa asirudie kwa kisingizio cha kujazia pengo.

Kuhusu duka, usiende na maneno. Kwenye palepale `Advanced mode` kuna `Subscription status`, inatenganisha waliotazama wakiwa wafuatiliaji na wasio wafuatiliaji. Linganisha siku za kabla na baada.

Mama Vifaranga (Jumamosi)

Jumatatu wafuatiliaji walitazama mara 214. Jumatano, baada ya kuondoka wale 1,149, mara 221. Nimepiga picha zote mbili pamoja na ule mstari wa akaunti zilizofungwa, nimemtumia mwenye duka. Amejibu ataongea na mwenzake. Sijajua.

Mtu wa Likoni

Siku mbili ni chache, dada. Video ya chanjo bado ni mpya, huenda ndiyo iliyobeba hiyo 221. Mpelekee wiki nzima kwa wiki nzima. Na je, wale 14 waliobaki kwenye 1,163? Wewe kwa kawaida wapoteza wangapi kwa siku?

Mama Vifaranga

Watatu mpaka sita. Kumi na nne ni wengi kidogo kwangu. Tisa wamejitoa kwenye video ya kideri, nimeitazama mara mbili sijaona kosa. Kuna anayefuga hapa aitazame aniambie ukweli? Dakika ya nne nimeonyesha namna ya kuchanganya chanjo na maji.

Babu wa Reli

Nimeitazama. Umetumia maji ya bomba mwanangu, hayo yana dawa ya klorini, inaua chanjo. Wafugaji wameona.