Siku ya tisa seva yetu haionekani kwenye orodha, waliotukodisha wanasema "ipo hewani"

KijanaWaPasua:
Wakuu, nimechoka. Seva yangu ya Unturned, ambayo vijana wa Pasua hapa Moshi na wenzetu wa Njiro kule Arusha huichezea kila Ijumaa usiku, haipo kwenye orodha ya seva za intaneti. Nimelipa mwezi mzima! Nikiwapigia walionikodisha, jibu ni lile lile: "Kwetu taa ni ya kijani."

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikubali. Tuliizima miezi mingi, tokeni ya Steam ikakaa bila kutumika mpaka ikaisha muda. Nimetengeneza mpya kwa namba ya mchezo 304930, nikaiweka kwenye Commands.dat na kuwasha upya:

```
Port 27015
GSLT TOKENI_MPYA
```

Bado haionekani. Ila ukiingia kwa msimbo wa seva unapokelewa na unacheza vizuri tu. Sasa hiyo ni nini?

Mtoto_wa_Sakina:
Ni poti, kaka. Waambie wafungue 27015 TCP.

FundiMitambo:
Poti ni kweli, TCP si kweli. Kama watu wanaingia kwa msimbo, tokeni imeshakubaliwa, usiiguse tena. Unturned inatumia poti mbili: 27015 inajibu maswali ya orodha, yaani jina, ramani na idadi ya wachezaji, 27016 inabeba mchezo. Zote ni UDP. Kompyuta ya mchezaji ikiuliza 27015 isijibiwe, haikuonyeshi. Washa hii, kisha mtu wa nje ajaribu kuingia kwa IP:

```
tcpdump -ni any udp port 27015
```

Maswali yakifika bila kujibiwa, angalia fayawoli ya seva yenyewe. Yasipofika kabisa, yanazuiwa huko nje.

Dada_Himo:
Yangu ya Minecraft nayo marafiki hawaioni. Na mimi nitengeneze tokeni?

FundiMitambo:
Hapana dada, Minecraft haihusiki na tokeni za Steam. Fungua uzi wako tukusaidie.

KijanaWaPasua:
Nimekaa dakika kumi namtazama huyo tcpdump. Jamaa wa Njiro kajaribu mara sita, haukutokea hata mstari mmoja. Nikawabana walionikodisha wanieleze wanapimaje. Wanapima TCP! Siku tisa wananiambia poti iko wazi, na wamepima mlango ambao mchezo hauutumii. Walibadilisha fayawoli yao na hakuna mteja aliyeambiwa. Nataka siku zangu tisa zirudishwe, na sijajibiwa.

Jioni hii wamefungua UDP. Njiro wanaiona. Mimi hapa Pasua bado siioni, wala kwa IP haiingii.

FundiMitambo:
Jaribu kwa bando la simu kwanza, tcpdump ikiwa inaendelea. Lete majibu.