Mrejesho: namba za mimi na mchumba

Niliuliza kuhusu numerolojia, ile imani ya kusoma tabia kwa namba za jina na tarehe ya kuzaliwa: "Mimi Rehema Salum, mchumba Athu Bakari. Shauku ya moyo sote ni 6, mbona hatuelewani nyumbani?"

Wakuu, kosa lilikua kwenye jina. Athu ni kifupi tu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani. Namba ya shauku ya moyo huhesabu irabu za jina la kuzaliwa: A=1, E=5, I=9, O=6, U=3. Athumani 14, Bakari 11, jumla 25, yaani 7. Mimi nabaki 6, napenda nyumba ijae ndugu, naye 7 anataka utulivu wake. Hapo nilicheka, maana ndiyo ugomvi wetu wa kila Jumapili!

Siku ya kuzaliwa tunafanana: tarehe 14 na 23, zote 5. Ndiyo maana safarini tunaelewana sana.

Namba ya ukomavu ni njia ya maisha, yaani namba ya tarehe nzima ya kuzaliwa, kujumlisha namba ya herufi zote za jina zima. Yangu 4+8=12, yaani 3; yake 5+3=8. Hiyo tumeiweka kando, kwani husemwa huanza kuonekana kuanzia miaka 35 hivi, na mimi bado. Kama ni imani tu, sawa, lakini Jumapili hii wageni tumewapunguza.