Kea ya majumbani, pauni 13 kwa saa: nilegeze sharti lipi?

Mama Pacha, Leicester
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimeona tangazo la kea ya majumbani, kuhudumia wazee na wagonjwa nyumbani kwao, pauni 13 kwa saa, wanataka mtu wiki hii hii. Kabla sijaanza kutafuta niliandika masharti matatu: saa tisa na robo alasiri niwe langoni mwa shule kuchukua pacha wangu wa miaka sita, mkataba uwe na saa za uhakika, muda wa njiani ulipwe. Sasa pauni 13 zimenitoa macho. Nilegeze lipi?

Mwinyi, Leeds
Usilegeze kwanza, dada. Uliandika ukiwa huna tangazo mbele yako, kwa hiyo karatasi ina akili kuliko wewe wa leo. Wapigie, uliza mawili tu: kati ya mteja na mteja nalipwa? Siku inaanza na kuisha saa ngapi?
Mimi nililipwa dakika za ndani ya nyumba ya mteja peke yake. Natoka saa moja asubuhi, narudi saa tatu usiku, saa zilizolipwa 6, yaani pauni 78. Kati ya wateja nilitumia saa 2 barabarani. Gawa 78 kwa 8 upate 9.75, na kima cha chini kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa 12.21. Kisheria njia ya mteja hadi mteja ni kazi. Ya nyumbani hadi mteja wa kwanza haimo. Wakikujibu "utazoea", futa tangazo.

Kijana wa Coventry
Mimi mwanafunzi wa masters, sharti la viza yangu ni nisizidi saa 20 kwa wiki. Nikifanya 26 wiki hii na 14 ijayo, si inasawazika?

Mwinyi, Leeds
Hapana mdogo wangu. Wakati wa muhula kila wiki inahesabiwa peke yake, Jumatatu hadi Jumapili. Hiyo ya 26 umeshavunja masharti ya viza, hata kama meneja ndiye aliyekubembeleza.

Shangazi wa Slough
Mnawatisha watoto. Mimi nilishika ya kwanza iliyokuja na nikasomesha wadogo zangu wanne. Mwenye kodi ya nyumba Ijumaa ana masharti gani?

Mwinyi, Leeds
Shikamoo shangazi. Hapo umenibana. Mwenye dharura naye aandike, ila mstari mmoja au miwili. Mkataba wa saa za uhakika unaweza kusubiri. Watoto wa miaka sita langoni hawasubiri.

Mama Pacha, Leicester
Nimepiga. Zamu za jioni ni lazima, saa kumi hadi saa nne usiku, na njiani hawalipi. Simu haikumaliza dakika nne, nimefuta. Ila Shangazi hakukosea, kodi yangu ni tarehe 1. Kuna anayejua nafasi ya jikoni kwenye shule yoyote huku Leicester?