Mrejesho: hadithi ya mzee mwenye mvi na mtihani wa Kijerumani

Niliuliza: "Naandika hadithi fupi ya mzee wa Ngamiani, Tanga, anayefanya mtihani wa Kijerumani A1 Dar ili amfuate mkewe Ujerumani. Amekaa na vijana nusu ya umri wake. Akosee wapi ili iaminike?"

Wadau, asanteni. Nilikuwa nimemwangusha kwenye sarufi; nimefuta. Sasa anateleza kwenye kusikiliza. Sehemu ya kwanza kila kipande husikika mara mbili, kwa hiyo mzee anazoea kuuacha mzunguko wa kwanza upite. Sehemu ya pili, ya matangazo, husikika mara moja tu. Anangoja marudio ambayo hayaji, huku binti wa pembeni keshaweka alama.

Kosa la pili ni namba. Kijerumani hutanguliza mamoja: 254 husomwa "mia mbili nne na hamsini". Mzee anaandika tarakimu kadiri anavyozisikia, inatoka 245, na chaguo hilo limetegwa palepale kwenye karatasi. Huo mtego naupenda kuliko yote.

Kwenye mazungumzo, kundi huwa na watu wasiozidi wanne, na mtu huweza kuambiwa ataje jina lake herufi kwa herufi. Mzee wangu, Juma, anaanza na "je" ya Kiingereza, anajisahihisha: "yot". Vijana hawacheki, kila mmoja anahesabu herufi zake.

Kufaulu ni alama 60 kwa 100. Nimempa 63.